Ushahidi Unaobaki Baada ya Kipindi cha Uwanjani

Kipindi cha Hisabati kikiisha, madaftari yanabaki. Mthibiti ubora wa shule anaweza kuyafungua wiki tatu baadaye akaona kilichofundishwa, aliyekosea, na kama kosa lilisahihishwa. Kipindi cha michezo hakiachi alama ya namna hiyo. Watoto wamekimbia, wameruka, wamerushiana mpira, kisha wamenawa na kurudi darasani, na mistari ya majivu imefutwa na upepo au mvua. Ndiyo maana mwalimu wa michezo anahitaji mkoba wa ushahidi kuliko mwenzake wa somo lolote lingine: jalada moja linalohifadhi kile ambacho uwanja hauwezi kukihifadhi.

Wilayani Kisarawe na Kibaha, mkoani Pwani, hitaji hilo limekuwa kubwa zaidi tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika kwa awamu Januari 2024. Katika mtaala huo Sanaa na Michezo ni somo la shule ya msingi lenye muhtasari wake na nafasi yake kwenye ratiba. Somo lenye muhtasari lina vigezo vya upimaji, na lenye vigezo hukaguliwa kama mengine. Ukaguzi wenyewe una msingi katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Kazi iliyokuwa ikiitwa ukaguzi wa shule sasa inaitwa uthibiti ubora, na kiunzi chake cha mwaka 2017 kinaitazama shule katika maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji na upimaji, mtaala, uongozi, mazingira ya shule pamoja na usalama na afya, na ushiriki wa jamii. Mwalimu wa michezo huguswa zaidi na maeneo mawili, ufundishaji na upimaji kwa upande mmoja, usalama na afya kwa upande wa pili. Mkoba wake ujengwe juu ya hayo mawili.

Mtu anayekuja kuangalia kipindi si lazima awe mtaalamu wa michezo. Anaweza kuwa mthibiti aliyesomea Kiswahili au Sayansi, au Afisa Elimu Kata, au mjumbe wa timu ya uthibiti wa ndani ya shule yenyewe. Hajui kwa kutazama tu kama kukimbia kule ni kujifunza au ni mapumziko. Mkoba ndio unaomwonesha tofauti, na unafanya hivyo kwa kumwongoza afuate uzi mmoja: lengo lililopangwa, kipindi kilichofundishwa, kilichoonekana kwa watoto, na kilichobadilishwa kwa sababu ya kilichoonekana. Nyaraka ambazo hazimo katika uzi huo, hata zikiwa nzuri, zinanenepesha jalada tu.

Nyaraka nne zinazoshikana

Nyaraka za msingi ni zile zile za kila mwalimu: azimio la kazi la muhula, andalio la somo, shajara la somo, na rekodi ya upimaji. Mbele yake hukaa nakala ya muhtasari na ya ratiba. Mthibiti mzoefu hasomi moja moja kwa urefu. Anachagua tarehe moja, tuseme Jumatano ya wiki ya tatu, na kuitafuta katika zote. Azimio linasema wiki hiyo ni kupokezana kijiti. Je, andalio la siku hiyo lipo? Shajara linasema kipindi kilifanyika? Rekodi ya upimaji ina majina ya wanafunzi walioangaliwa siku hiyo? Na ratiba ya shule inaonesha kweli kwamba Jumatano kuna kipindi hicho?

Hapo ndipo mikoba iliyoandikwa kwa haraka usiku wa kuamkia ugeni huanguka. Andalio linabeba tarehe 8 Agosti, siku ya Nane Nane, ambapo shule zote zilikuwa zimefungwa. Shajara linaonesha mbio za uwanjani katika wiki ya masika ambayo kila mtu kata nzima anaikumbuka kwa mafuriko. Maandalio ya miezi mitatu yameandikwa kwa kalamu moja, bila doa wala mkunjo, na sehemu ya tathmini inasema kila mara kwamba somo limeeleweka. Mthibiti hahitaji kumshuku mtu. Karatasi zenyewe zinapingana.

Kinga yake ni kuandika pia yale ambayo hayakufanyika. Katika shule nyingi kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kunyang'anywa, hasa kwa darasa la nne na madarasa mengine yenye upimaji wa kitaifa unapokaribia. Mwalimu anayeandika katika shajara kwamba kipindi cha tarehe fulani kilitumiwa kwa mazoezi ya Kusoma kwa maelekezo ya ofisi ya taaluma, na kwamba kilifidiwa Ijumaa iliyofuata, ana ushahidi wenye nguvu kuliko yule ambaye vipindi vyake vyote vimekamilika. Pia anakuwa ametoa taarifa ambayo mwalimu mkuu anaihitaji kabla mthibiti hajaiona.

Mfano: kupokezana kijiti, darasa la nne

Tuchukue darasa la nne la shule ya kubuni katika vilima vya Kisarawe, lenye wanafunzi 64, wasichana 34 na wavulana 30. Uwanja una mteremko upande mmoja, na mwembe mkubwa kwenye kona. Azimio limetenga vipindi vinne vya dakika 40 kwa mbio za kupokezana. Vijiti ni vipande 16 vya bomba la plastiki la maji, kila kimoja sentimita 30, vimekatwa kwa msumeno na kingo zake kusuguliwa kwa msasa. Urefu huo haukubuniwa: kijiti rasmi cha riadha ni kati ya sentimita 28 na 30. Kuandika hilo kwenye andalio, sehemu ya zana, ni sentensi moja tu, lakini inamwonesha msomaji kwamba zana ya kujitengenezea imefuata kipimo.

Jambo la kwanza ni lengo. Andalio dhaifu litasema kwamba mwanafunzi aweze kushiriki mbio za kupokezana kijiti. Kushiriki hakupimiki, mtoto aliyesimama kwenye mstari ameshiriki. Andalio linalofaa litasema mwanafunzi aweze kupokea kijiti akiwa tayari anakimbia, ndani ya eneo lililochorwa, bila kugeuka kutazama nyuma. Sasa kuna vitu vitatu ambavyo jicho linaweza kuviona, na hivyo vitatu ndivyo vitakuwa safu za orodha hakiki: ameanza kukimbia kabla ya kufikiwa, amepokea bila kugeuza kichwa, kijiti kimebadilisha mkono ndani ya eneo. Katika mbio za watu wazima za mita 100 mara nne, eneo la kupokezana lina urefu wa mita 30. Kwa watoto wa miaka tisa au kumi wanaokimbia mita 40 kila mmoja, mwalimu anaweza kuchora eneo la mita 12 na kuandika sababu yake.

Jambo la pili ni nani ataangaliwa. Hakuna mwalimu anayeweza kuwatazama watoto 64 kwa makini katika dakika 40 huku akipuliza filimbi, akichunga usalama na kupanga mistari. Orodha hakiki inayodai kwamba wote 64 walipimwa siku moja inajiumbua yenyewe. Mpango unaowezekana ni kuangalia wanafunzi 16 kwa kipindi, yaani timu nne, ili kufikia kipindi cha nne kila mtoto awe ameangaliwa angalau mara moja. Timu nyingine wakati huo zinafanya zoezi lile lile, kila moja ikiwa na mtoto mmoja anayesimama kama mwangalizi na kutia alama kwenye kipande cha karatasi. Karatasi za watoto nazo huingia mkobani, tano au sita tu za mfano, kwa sababu zinaonesha kwamba wanafunzi walikijua kigezo walichokuwa wakikitafuta.

Katika kipindi cha kwanza, orodha ya watoto 16 inaonesha kwamba 13 walibadilishana kijiti ndani ya eneo, 9 hawakugeuza kichwa, lakini 5 tu walianza kukimbia kabla ya kufikiwa. Watoto 11 walisimama wakingoja kijiti kiwafike mkononi. Hiyo ndiyo habari ya kipindi. Sehemu ya tathmini ya andalio haisemi tena kwamba somo limeeleweka. Inasema 11 kati ya 16 walipokea wakiwa wamesimama, na kwamba kipindi kijacho mpokeaji atawekewa alama ya majivu hatua sita nyuma yake, aanze kukimbia mwenzake anapoikanyaga alama hiyo.

Andalio la kipindi cha pili sasa lazima liwe na alama hiyo ya majivu katika hatua zake. Hapa ndipo uzi unapokatika katika mikoba mingi: tathmini ya kipindi cha kwanza inataja tatizo, na andalio la pili linaendelea kana kwamba halijatokea. Katika mfano huu, mwalimu anaangalia timu nne mpya na pia anawarudia wale 11. Wanane kati yao sasa wanapokea wakiwa wanakimbia. Watatu bado. Akiwatazama kwa karibu anaona kwamba wawili wanapokea kutoka kwa watoto wanaokimbia kwa kasi sana, kiasi kwamba hatua sita zinaisha kabla mpokeaji hajanyanyua mguu wa pili. Dawa ni kusogeza alama nyuma zaidi, hatua nane au tisa. Kwa mtoto ambaye mwenzake hamfikii kabisa, alama husogezwa karibu. Wa tatu anaanza kwa wakati lakini anapunguza mwendo anaposikia hatua nyuma yake, na dawa yake ni nyingine: azoee kupokea kijiti wakiwa katika mwendo wa kutembea haraka, kisha wa polepole, ndipo wakimbie.

Kurasa nne au tano zinatosha kubeba yote haya: andalio la kwanza, orodha yake, andalio la pili, orodha yake, na mstari mmoja katika shajara unaosema umahiri umefikiwa kwa kiwango gani. Mthibiti aliyesomea Kiswahili, akizisoma kwa dakika kumi kabla ya kipindi cha tatu, atatoka nje akijua atazame nini. Ataiona alama ya majivu chini na kuelewa kwa nini kwa timu moja iko mbali kuliko kwa nyingine.

Viwango katika orodha hakiki visizidi vitatu. Anafanya mwenyewe, anafanya akielekezwa, bado hajaweza. Mwalimu anayejaribu kutoa alama kati ya 100 kwa kupokea kijiti atalazimika kueleza tofauti ya 62 na 65, na hataweza.

Usalama wa uwanja na miili ya watoto

Kabla ya kila kipindi uwanja hukaguliwa, na ukaguzi huo unahitaji karatasi yake. Si fomu ndefu. Tarehe, saa, nani amepita, amekuta nini, amefanya nini. Mashimo ya panya, vipande vya chupa karibu na njia ya kukatiza, mizizi ya mkorosho iliyojitokeza juu ya mchanga, nguzo ya goli inayotikisika. Katika uwanja wenye mteremko kama ule wa mfano, karatasi itaonesha kwamba mbio zilielekezwa upande ulio tambarare na kwamba watoto hawakimbizwi kuteremka. Nguzo za goli zinastahili kutajwa kila wiki, kwa kuwa goli lisilochimbiwa vizuri linaweza kumwangukia mtoto anayening'inia.

Joto la Pwani nalo linaingia hapa. Kipindi kikipangwa saa sita au saa saba mchana, andalio lioneshe maji yako wapi, mapumziko ya kivulini yako dakika ya ngapi, na mazoezi makali yamewekwa mwanzoni au yamepunguzwa. Kwa miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, mkoba uwe na maandalio mawili au matatu ya akiba yanayofanyika barazani au darasani: kanuni za mchezo, kazi ya mwamuzi, mazoezi ya viungo yasiyohitaji nafasi. Mthibiti akifika siku ya mvua, mwalimu mwenye andalio la akiba anafundisha. Asiye nalo anaomba aahirishiwe.

Afya ya watoto ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na mtoto mwenye ugonjwa huo anaweza kupata maumivu makali akichoka kupita kiasi au akikosa maji mwilini. Wengine wana pumu au kifafa. Mwalimu lazima ajue, na mkoba lazima uoneshe kwamba anajua na kwamba kazi imebadilishwa ipasavyo: mtoto fulani anakimbia mita 20 badala ya 40, anakunywa maji kila baada ya zamu, anaweza kukaa bila kuomba ruhusa. Lakini jina na ugonjwa visikae pamoja katika jalada ambalo litapita mikononi mwa watu. Njia rahisi ni kutumia namba ya rejista kwenye andalio, na orodha yenye majina kubaki katika kabati la mwalimu mkuu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata bila sheria, mtoto hastahili ugonjwa wake usomwe na kila aliyefungua faili.

Tahadhari hiyo inahusu picha pia. Picha mbili au tatu za kipindi zinasaidia, hasa za zana na mpangilio wa uwanja. Picha za watoto wakiwa na mavazi ya michezo zichukuliwe kwa ridhaa ya wazazi iliyoandikwa, zipigwe kwa mbali, na zisibaki kwenye simu ya mwalimu wala kusambazwa kwenye kundi la wazazi.

Asiyeshiriki siku hiyo aandikwe, na aandikwe alifanya nini. Msichana aliye kwenye hedhi na hajisikii vizuri, mvulana aliyeteguka kifundo, mtoto anayetembea kwa magongo: mmoja anashika saa ya kupimia muda, mwingine anahesabu makosa ya kupokezana, mwingine anaamua kama kijiti kilivuka mstari. Hizo ni kazi za kweli za michezo, na zinaweza kupimwa. Karatasi inayosema wanne walikaa chini ya mwembe inamwambia mthibiti kwamba watoto wanne hawakufundishwa siku hiyo.

Daftari la ajali likae na mkoba siku ya kuangaliwa. Michubuko miwili katika muhula, kila mmoja ukiwa na saa, huduma iliyotolewa na aliyepigiwa simu, inaaminika kuliko daftari tupu.

Vikombe na medali

Walimu wengi wa michezo huanza mkoba kwa picha za vikombe na vyeti vya UMITASHUMTA. Kwa mashindano hayo ya shule za msingi, au UMISSETA kwa sekondari, fahari hiyo ni halali, na Kibaha ina sababu ya kuijali riadha: Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, amejenga shule zake huko Mkuza. Hata hivyo kikombe ni ushahidi wa watoto wachache waliochaguliwa, na mara nyingi walikuwa na kipaji kabla hawajamwona mwalimu. Kipindi kinachoangaliwa ni cha darasa zima. Mthibiti anatafuta yule mtoto wa arobaini kwenye orodha, asiyechaguliwa kwa timu yoyote, ili aone amejifunza nini tangu Januari. Vyeti viwekwe mwishoni, katika ukurasa mmoja, chini ya kichwa cha shughuli za ziada.

Vyeti vya mafunzo ya mwalimu mwenyewe vinafuata kanuni hiyo hiyo. Cheti cha semina ya siku moja hakioneshi kitu mpaka kiwe na karatasi nyuma yake inayosema ni zoezi gani lilichukuliwa kule na likatumika katika andalio la tarehe ipi. Vivyo hivyo kwa vikao vya mafunzo endelevu ya walimu kazini vinavyofanyika shuleni au katika kata: muhtasari wa kikao wa nusu ukurasa unatosha, ukitaja kilichojaribiwa baadaye.

Siku ya kuangaliwa na baada yake

Mthibiti apewe mkoba kabla ya kipindi. Ukibaki na mwalimu hadi mwisho, unageuka kuwa utetezi. Nakala ya andalio la siku hiyo iwe juu kabisa, pamoja na orodha ya watoto 16 watakaoangaliwa, majina yakiwa yamekwisha kuandikwa. Idadi ya waliohudhuria iandikwe siku hiyo hiyo. Andalio lililojazwa jana likisema wamehudhuria wote 64, huku mtu akihesabu 61 uwanjani, linaanza vibaya. Mabadiliko ya ghafla yaandikwe kwa mkono pembeni. Mstari uliokatwa na kurekebishwa unaonesha mwalimu aliyekuwa akitazama.

Baada ya kipindi kuna mazungumzo ya mrejesho. Mwalimu aandike alichoambiwa kwa maneno ya aliyemwambia, tarehe na saini, kisha chini yake atakachofanya na lini. Tuseme ameambiwa kwamba timu zilizokuwa mbali naye zilikaa muda mrefu bila kukimbia. Jibu linalopimika ni kupunguza timu kutoka watoto wanne hadi watatu katika mazoezi, ili zamu zirudi haraka, na kuhesabu ni mara ngapi kila mtoto amepokea kijiti kwa kipindi. Karatasi hiyo ndiyo atakayoitafuta kwanza mthibiti atakayekuja kufuatilia, na mara nyingi huja akiwa na ripoti ya awali mkononi.

Mwisho wa mwaka mkoba hupunguzwa. Orodha hakiki za mwisho za kila umahiri humfuata mwalimu wa darasa la tano, ili asianze kupima upya vitu vilivyokwisha kujulikana. Maandalio hubaki kwa mwalimu kama msingi wa azimio la mwaka unaofuata. Karatasi za waangalizi watoto hurudishwa kwao, na orodha ya afya hubaki ofisini kwa mwalimu mkuu mpaka wazazi waihuishe Januari.